Mama Tu na Deni la Abshir

Jina lake ni Katunge, lakini hapa soko la mifugo la Garissa ukiuliza Katunge watu watakukodolea macho. Uliza Mama Tu. Hata mtoto atakuonyesha: kibanda cha mabati, kompyuta moja, printa moja, ubavuni mwa kibanda changu cha chai. Alikuja na mumewe kutoka Kitui, mume akahamishwa, yeye akakataa kuhama. Alisema ameshazoea jua na ameshazoea wateja. Mimi nasema amezoea kugombana nao.

Kazi yake ni barua za mauziano. Mtu akinunua ng'ombe kwa mkopo, wanaenda kwake. Na hapo ndipo kero inaanza. Ukimwambia "andika laki tatu na ishirini," anakutazama kama umemtukana. "Ishirini gani? Ishirini elfu au shilingi ishirini? Shilingi ya Kenya au ya Somalia?" Tarakimu zake hazikai peke yao, maneno yanazifuata, na mwisho wa maneno anaweka "tu", kisha anapiga mstari hadi ukingoni mwa karatasi asije mtu akachomeka kitu. Jina lake lilitoka kwenye hiyo "tu". Walimpa kwa kumcheka, akalipokea, sasa limeandikwa kwa rangi juu ya mlango.

Abshir ndiye aliyemcheka zaidi. Alikuwa dalali, mnene, mwenye maneno, ananunua madume ya ng'ombe hapa na kuyapeleka Nairobi. Chai yangu alikunywa miaka na miaka na kila siku alilalamika sukari ni kidogo. Nilimpenda, nitafanya nini.

Jumatano moja mwezi wa Januari mwaka jana, siku ya soko, alikuja na mzee Guracha. Huyu ni mfugaji, Mborana kutoka upande wa Wajir. Kiangazi kilikuwa kimemmaliza, amebaki na madume saba, na anayauza yote saba kwa sababu binti yake Tiya amepata nafasi chuo cha uuguzi. Karo ilitakiwa kabla ya mwisho wa Februari, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mzee alinieleza hayo yote akishika kikombe kwa mikono miwili, bila kunywa.

Walikubaliana 385,000. Abshir akatoa 60,000 papo hapo, zikabaki 325,000.

"Mama, andika nitalipa mvua ikinyesha," Abshir akasema. "Bei itapanda, mimi nalipa."

"Mvua ina sahihi?" Katunge akamuuliza.

"Nini?"

"Nauliza, mvua itakuja hapa kutia sahihi? Isiponyesha je? Ikinyesha Wajir na hapa kavu je? Taja siku."

Abshir akacheka mpaka tumbo likatikisika. Wakatafuta siku. Mzee akasema watu wa chuo hawangoji, basi ikawa Jumatano, tarehe 26 Februari. Katunge akaandika siku, tarehe, mwezi na mwaka. Akaandika salio: KSh 325,000, na ndani ya mabano, shilingi za Kenya mia tatu ishirini na tano elfu tu. Mwisho akaongeza kwamba malipo yoyote yataandikwa nyuma ya barua, kwa tarakimu na maneno na tarehe, na mpokeaji ataweka alama yake hapo. Bila alama ya mpokeaji, hayo si malipo.

"Wallahi, mama huyu anaandika kama mimi nakufa kesho!" Abshir akaniambia.

"Kufa ni kwa Mungu, kuandika ni kwangu," Katunge akajibu. "Na dini yenu yenyewe imewaamrisha deni liandikwe na muda wake utajwe. Sheikh alinieleza hapa hapa nilipokaa. Tia sahihi."

Akatia. Mzee akachovya kidole kwenye wino, akabonyeza. Nakala moja ya mzee, moja ya Abshir, moja ya faili.

Tarehe 24 Februari, Jumatatu alfajiri, Abshir akirudi kutoka Nairobi, lori lilipinduka. Kabla ya jua kutua walikuwa wamemzika. Pale makaburini ndugu yake Salah alisimama akatangaza kama desturi ilivyo: anayemdai marehemu ajitokeze, tumlipie, asilale na deni la mtu. Watu wakajitokeza, wa kweli na wa uongo, wengi bila karatasi. Sikufungua kibanda siku hiyo. Nililia, na sioni haya kusema.

Jumatano mzee Guracha akashuka kwenye basi akiwa amevaa kanzu safi. Hakuwa na habari. Mimi ndiye niliyemwambia, na akakaa chini pale pale vumbini. Baadaye akasema polepole kwamba haendi kudai kwenye matanga ya mtu. Ataenda nyumbani.

"Na Tiya?" Katunge akamuuliza.

Katunge akampigia Salah simu, na Salah akaja, macho mekundu, uvumilivu umemwisha. Tangu Jumatatu alikuwa anapambana na wadai wa uongo. Aliposikia 325,000, akatoa karatasi kwenye koti. Ilikuwa nakala ya Abshir, imetolewa mfukoni mwake hospitalini.

"Hili limelipwa," akasema. "Mzee, muogope Mungu. Ndugu yangu ameandika mwenyewe. Tazama!"

Akaigeuza. Kweli, nyuma kulikuwa na mwandiko wa Abshir, mkubwa, umepinda: amemlipa Guracha deni lote, KSh 325,000. Mzee Guracha hasomi, lakini alielewa nyuso zetu. Alianza kuapa. Nikajiambia, haya basi, msichana amekosa chuo, na babake ameitwa mwizi mbele ya watu.

Katunge akavaa miwani. Hakuwa na haraka, Mungu wangu, nilitaka kumfinya.

"Alama ya kidole cha mzee iko wapi?" akauliza.

Salah akatazama. "Labda walisahau."

"Labda. Soma tarehe."

"Jumatano, tarehe 26 Februari 2025."

"Leo ni siku gani, baba?"

Salah akatoa simu, akaitazama tarehe.

"Leo ndiyo Jumatano tarehe 26," Katunge akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Ndugu yako mlimzika juzi. Hakulipa. Alikuwa amejitayarisha kulipa. Alijua nitamkawiza kwenye foleni yangu siku ya soko, akaandika mapema kabisa."

Salah akaisoma tena karatasi ile, safari hii kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akajifunika uso kwa kilemba chake, akalia kwa sauti, mwanamume mzima katikati ya soko. Mzee Guracha akainuka, akamshika bega. Wakakaa hivyo.

Pesa za yale madume zilikuwa kwenye akaunti ya biashara yao ya ndugu wawili. Salah akaenda benki, akarudi kabla ya adhuhuri. Walihesabu mezani kwangu, mara mbili. Salah akafuta macho, akamwambia Katunge achape barua nyingine ya kuonyesha deni limekwisha.

"Ya nini?" Katunge akasema. "Imeshaandikwa."

Akailaza nakala ya Abshir mezani, akafungua wino. Kiasi kilikuwa sawa na tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Mzee Guracha akachovya kidole, akabonyeza pale mwisho wa mwandiko wa marehemu, ambapo Abshir, aliyemcheka mama huyu miaka yote, alikuwa ameandika kwa mkono wake: shilingi za Kenya mia tatu ishirini na tano elfu tu, akapiga na mstari hadi ukingoni.