Mtungi Mmoja, Maduka Matatu

Kaka yangu aliuza magodoro na nyavu za kuvulia mjini Homa Bay, na mimi, wakala wa bima, ndiye niliyemkatia bima ya duka. Nilimsomea masharti polepole kwa sababu namjua alivyo na kichwa kigumu: awe na mtungi wa kuzima moto wa duka lake mwenyewe, ukaguliwe kila mwaka, na nyaya za stima zipimwe na fundi mwenye leseni. Akanicheka.

"Nyamera, dada yangu, wewe unapenda sana kusumbua watu."

Niliyoyajua baada ya moto yananichemsha damu hadi leo. Yeye na majirani wawili walichanga wakanunua mtungi mmoja. Mkaguzi wa bima alipokuja, uliangikwa ukutani, akatosheka. Akienda duka linalofuata, unapitishwa mlango wa nyuma unamtangulia. Wakaona huo ndio ujanja. Friji ya soda nayo kaka aliiunga kwenye waya mwembamba wa taa. Fundi wake alikuwa dereva wa boda boda.

Waya ulishika moto mchana. Siku hiyo mtungi ulikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa amefunga duka akaenda mazishini Kendu Bay. Kaka alichukua nondo akavunja kufuli huku magodoro yakitoa moshi mweusi unaokaba koo. Akarudi mbio na mtungi, akabonyeza. Ukatoa vumbi kidogo, ukanyamaza. Gesi ilikuwa imeisha, hakuna aliyewahi kuupeleka kukaguliwa. Aliupiga teke, akaingia ndani mikono mitupu kuokoa nyavu. Mabati yakamwangukia. Mimi, niliyekuwa nimefika mbio, na watu waliokusanyika tulimvuta kwa kumshika miguu, ngozi ya mikono ikibaki kwenye nyavu zilizoyeyuka, naye akitutukana tumwachilie.

Siku chache baadaye mkadiria hasara wa kampuni ya bima alisimama juu ya majivu. Aliomba cheti cha fundi wa stima na kibandiko cha ukaguzi wa mtungi. Hakuna kilichokuwepo.

"Mzee, masharti ulisaini," alisema kwa upole.

Kaka, mikono ikiwa bado kwenye bandeji, alimpiga nondo begani, kisha usoni. Nilisikia mfupa. Niliruka mgongoni kwa kaka nikamng'ata sikio, nisingemweza vinginevyo, mpaka watu wakamkalia.

Kwenye seli ya kituo cha polisi nilimkuta kaka na bandeji zilizolowa usaha. Nilimpenda na nilitamani kumzaba kofi.

"Nikimwomba yule mtu msamaha, watalipa?" aliniuliza.

"Kumpiga ni kesi ya polisi, omera, kaka yangu. Bima wamekataa kwa sababu ya mtungi na waya. Hata ungemkaribisha chai, wangekataa."

Alirudi nyuma hadi mwisho wa seli. Kisha akaanza kujigonga kichwa ukutani, kwa nguvu, nami nikaingiza mkono kati ya vyuma, lakini haukumfikia.