Picha nzuri ya Djuma

Djuma alianza kumwonea Falone wivu wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu na kipuri kipya hakikupatikana hata kwa kuota. Wote wawili walijifunza kutengeneza redio kwa mzee Hamisi, wakiiba mguu wa redio mfu kuponya redio mgonjwa. Mzee alipokufa aliacha chuma kimoja cha kulehemu, na alimwachia Falone. Djuma alilia msibani, na watu wakasifu upendo wake kwa mzee. Hawakujua analilia nini.

Sasa ana miaka arobaini na kitu, na ukumbi wa michezo ya kompyuta katika komuni ya Kasuku. Falone naye ana wake, ng'ambo ya barabara, kana kwamba Kindu nzima haikuwa na kiwanja kingine. Kompyuta zao ni za ukoo mmoja: mashine za ofisini, zisizo na kadi ya picha ya peke yake, walizonunua pamoja kutoka shirika lililokuwa linafunga virago. Lakini kwa Falone mpira wa kwenye kioo unakimbia. Kwa Djuma wachezaji wanaruka-ruka, mpira unaonekana hapa, kisha kule, na katikati Mungu ndiye anayejua.

Vijana wa mtaa walikuwa wanatafuta ukumbi wa mashindano. Wangepita Ijumaa saa tisa mchana kujaribu mashine, na Djuma aliyataka mashindano hayo kuliko alivyotaka usingizi. Kupunguza uzuri wa picha alikataa katakata; aliwahi kuchungulia kwa Falone, akaona nyasi bapa na mashabiki wasio na nyuso, akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi ya Ijumaa alisikia mteja akisema Falone "aligusa memoire," yaani memori ya mashine. Wivu haupimi. Djuma aliingia kwenye mipangilio ya mwanzo ya kila mashine, kabla Windows haijaamka, na penye memori ya picha akachagua namba kubwa kuliko zote: giga mbili. Mashine nzima ilikuwa na nne.

Saa saba mchezo haukuruka tena. Uliganda. Taa ya diski ikawaka bila kupumzika, na namba ya pembeni mwa kioo, inayohesabu picha kwa sekunde, ikashuka kutoka kumi na tatu hadi nne.

Akavuka barabara. Kila hatua ilimuuma.

"Dada Falone, machine yangu iko inakufa."

Falone alikuja, akatazama, akaguna.

"Giga mbili? Djuma, hii picha haina memoire yake, inakula mu sahani moja na machine. Weye umeipa nusu ya sahani. Windows na mchezo wamebakia na njaa, sasa wanachota mu diski, na diski iko pole pole."

"Nilisikia njo weye ulifanya vile."

"Nilipatia mega mia tano na kumi na mbili tu, juu mchezo ulikuwa unaomba. Ile haileti mbio. Mbio iko huku."

Akarudisha memori. Akashusha picha kutoka nukta elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini hadi elfu moja mia mbili na themanini kwa mia saba na ishirini. "Nukta zimebakia chini ya nusu," alisema. Vivuli akazima, nyasi akaweka ya chini, mashabiki vilevile, na ile kazi ya kulainisha kingo akaitoa. Namba ikapanda: ishirini na moja, thelathini, thelathini na saba. Picha ilififia kidogo. Mpira ulikimbia.

Wakazipitia mashine zote sita. Djuma alimtazama vidole, akamchukia na kumshukuru kwa pumzi moja.

"Juu ya nini unanisaidia? Mashindano ungepata weye."

"Miye pia nakuoneaka wivu," Falone alisema bila kugeuka. "Tulisoma kwa mzee mumoja, tuko na kazi moja. Weye watu wanakuita Fundi. Miye wananiita mama ya michezo."

Vijana walikuwa wameshafika. Kiongozi wao, Joël, alicheza nusu ya kwanza nzima kwenye mashine ya tatu, akasimama akicheka.

"Fundi! Juzi hizi machine zilikuwa zinakwama. Njo weye umezitengeneza?"

Falone alikuwa amesimama hatua mbili kando. Alisubiri. Djuma alijua kabisa anasubiri nini.

"Ndiyo," akasema. "Njo miye."

Falone alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Basi, Fundi," akasema, akatoka. Vijana walikubaliana palepale kwamba mashindano yatafanyika hapo, wakampa Djuma mkono mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa akitazama mlangoni. Falone alivuka barabara bila kugeuka hata mara moja, na Djuma akamwonea wivu hata kwa hilo.