Kahawa Iliyolala kwa Shemeji

Mzee alimwaga birika zima mtaroni mbele ya wateja wake waliotoka kufuturu, na hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Alikusanya vikombe kimoja kimoja, akaniuliza taratibu, "Mama, kahawa hii ililala wapi?"

Nikasema, "Kwangu, mzee. Kabatini."

Fundi cherehani aliyekuwa amekaa kwenye benchi akacheka kidogo. "Kabati gani linanuka mafuta ya nguruwe? Huyu, dada yake si ameolewa na yule muuza kitimoto? Mzee, muulize vizuri."

Wawili walikuwa wameshakunywa. Mmoja alikwenda bombani kusukutua, akasukutua tena. Mimi nilisimama pale na uongo wangu, watu wananitazama.

Yule mzee ni Mwislamu, anauza kahawa chungu hapa Nyamisangura. Mume wangu alipofariki, ndugu zake watatu walinifukuza nyumbani kwetu, Nyanungu, wakabaki na mibuni niliyoipalilia mwenyewe. Wote wapo, wanakula na kulala vizuri. Mzee ndiye aliyenipa gunia la kahawa mbichi nimkaangie nyumbani. Yeye anatwanga na kupika, mimi nakaanga na kutunza.

Kutunza alinifundisha yeye. Mwaka wa kwanza niliweka buni zilizokaangwa kwenye chupa ya kioo, dirishani, watu wazione zinavyong'aa. Jua likazipiga kila siku. Mzee alitafuna moja akasema, "Mwanangu, hii umeikaanga kwa moto, halafu ukaikaanga kwa jua." Tangu hapo ni makopo ya bati yenye kifuniko cha kubana, kwenye kabati lenye giza, mbali na jiko. Kahawa ikitoka motoni naiacha ipumue kama siku moja, maana ukiifungia moja kwa moja inatoa hewa, mfuko unavimba. Wiki mbili tatu iko vizuri. Ikifika mwezi harufu inaanza kuondoka, baadaye inabaki rangi tu.

Mwaka huu daktari alinipangia upasuaji wa uvimbe tumboni, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nilijua nikitoka hospitali sitaweza kusimama jikoni. Kwa hiyo nilikaanga mapema, nyingi, na kabatini isingefika mfungo ikiwa na harufu yake. Dada yangu ana friza. Kwenye baridi kali kahawa inakaa hata miezi, mradi hewa isiingie. Nikaigawa kwenye mifuko midogo, kila mmoja wa siku moja, nikakamua hewa, nikafunga, nikaweka yote kwenye ndoo ya kifuniko.

Nilimuuliza dada, "Nyama ya shemeji je?"

"Ile ina friza yake huko nyuma," akasema.

Nilipopona nikaenda kuchukua. Mifuko ilikuwa kwenye kiroba, chini kabisa ndani ya friza.

"Ndoo yangu iko wapi?"

"Shemeji yako aliihitaji," dada akasema, akageukia chai yake.

"Kuweka nini?"

Shemeji akajibu mwenyewe kutoka kwenye kiti. "Nyama, shemeji. Friza ya nyuma iliharibika. Sasa kahawa inaogopa nyama? Si imeshaungua tayari hiyo?" Akacheka, na dada naye akacheka.

Mifuko miwili ilikuwa imepasuka, barafu yake nyekundu kwa damu ya nyama. Hiyo niliitupa. Mingine niliifuta, nikaiacha imefungwa mpaka asubuhi ubaridi uishe, kwa sababu ukifungua kahawa ingali ya barafu, unyevu wa hewa unaishikilia na inaharibika. Niliogopa unyevu, mimi. Asubuhi nikafungua mmoja, na chini ya harufu ya kahawa palikuwa na ile nyingine. Nilinusa mara tatu. Nilijua. Na hata kama isingenuka, nilishajua ilikolala.

Ila mshono ulikuwa unauma, mfungo umeanza, nikafikiri mzee akikosa kahawa atatafuta mkaangaji mwingine. Nikaibeba, nikampelekea mtu aliyefunga kutwa.

Kesho yake nilirudi nikamwambia yote, pamoja na uongo wa kabati. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe umesema," akaniambia. "Na mwenye friza?" Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, lakini gunia hajaleta. Simlaumu.

La kwangu nimelibeba. Sasa wewe, shemeji, uliyetoa kahawa yangu kwenye ndoo ukaweka nguruwe, ukijua inakwenda kwa nani. Na wewe, dada, uliyeona ukanyamaza mpaka nikauliza. Njooni hapa kwenye benchi la mzee, wale wawili waliokunywa wakiwepo, mseme kwa midomo yenu mlifanya nini na mlicheka nini. Nawasubiri.