Nyuzi Nne Zisizoyumba

"Nileteeni kifaa chochote, kiwe na waya au kisiwe nao. Baada ya wiki mbili kitakuwa kinaongea na simu zenu!"

Maneno hayo ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyatamka kwenye kikao cha wafanyabiashara, kipaza sauti mkononi, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Tangu siku hiyo jina lake ni Wiki Mbili. Hata mama yake humwita hivyo akimtuma chumvi.

Siku ileile alipata mteja: mama mfamasia mwenye ghala la chanjo linalolisha zahanati sita. Chanjo haina utani. Joto likipita nyuzi nane inaanza kuharibika, na kwa macho huwezi kujua. Mfamasia alikuwa amenunua vipimo vidogo vyeupe, mfano wa vifungo vya koti, visivyo na kioo wala namba. Joto lingesomwa kwenye simu tu, kwa programu ambayo Wiki Mbili angeitengeneza.

Mtengenezaji wa vipimo alitoa kifurushi chake cha kuunganishia programu, kimefungwa tayari, hakifumuliki. Kilifungwa kwa zana za toleo la zamani. Zana mpya zikikiona zinakikataa. Hilo lisingekuwa tatizo kama asubuhi moja kompyuta isingemuuliza ndugu yangu, "Nisasishe mfumo?" naye akabonyeza ndiyo huku mswaki ukiwa mdomoni. Kwenye mfumo mpya, zana za zamani hazifunguki kabisa. Akawaandikia wenye kifurushi. Wakamjibu kwa adabu zote kwamba toleo jipya liko njiani, labda miezi mitatu.

Ili asikae bure, alifanya wanachofanya mafundi wengi wa programu: mahali pa kifurushi halisi akaweka bandia, kinachojibu "nne" kila kikiulizwa joto, apate kutengeneza kurasa. Jumatatu akamtumia mfamasia aangalie rangi na vitufe.

Ijumaa nilimkuta chumbani kwake anaandika barua pepe ya kueleza kuchelewa. Akanisomea kwa sauti.

"'Mheshimiwa mteja, naomba radhi. Kazi itachelewa wiki mbili, kwa kuwa kifurushi cha mtengenezaji kinakubali zana za zamani pekee, hivyo natafuta kompyuta yenye mfumo wa zamani...'"

"Kaka, hiyo ni barua au risala?"

"Nyamaza wewe, diploma nusu. Mteja anataka maelezo."

Aya ya kwanza kuchelewa, ya pili zana, ya tatu historia ya zana, ya nne pole. Ya tano, mstari mmoja: "Zingatia kuwa namba zinazoonekana kwa sasa ni za mfano." Akatuma, akajinyoosha kama aliyemaliza kulima.

Jibu halikuchukua dakika tano.

"Nimekuelewa, mwanangu. Usijali kuchelewa, hii uliyonitumia inatutosha. Tangu Jumatatu inasoma nne tu, haijayumba hata kidogo. Yule binti aliyekuwa anasoma kipimajoto cha ukutani na kuandika kwenye daftari nimemhamishia kaunta, na kipimajoto nimekitoa."

Wiki Mbili aliisoma mara mbili.

"Kasoma aya ya kwanza tu," alisema.

"Mpigie!"

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Tukatoka mbio, yeye kavaa ndala za mama yake.

Dukani mfamasia alitupokea kwa tabasamu. "Karibuni wanangu! Simu iko chaji huko nyuma. Nimewaambia wenzangu wote habari zako."

"Mama, tufungulie chumba cha baridi."

"Kuna nini?"

"Fungua kwanza, mama. Tafadhali."

Mlango mzito ulifunguka. Nilikuwa nimejikunyata tayari kupigwa na baridi. Haikuja. Feni ilikuwa inazunguka, taa ya kijani inawaka, makasha yamepangwa mpaka darini, na hewa ilikuwa ileile ya nje. Mfamasia aliweka kiganja kwenye kasha la kwanza, kisha la pili. La tatu hakuligusa.

"Lakini simu inasema nne," alisema polepole.

"Ile nne niliiandika mimi," ndugu yangu akamjibu. "Programu haijawahi kukisoma kipimo."

Sijawahi kumsikia akisema sentensi fupi hivyo.

Mfamasia hakufoka. Alimwita yule binti wa kaunta. "Waliochukua tangu Jumatatu ni nani?"

"Zahanati nne, mama. Ya mwisho imechukua leo asubuhi. Leo ndiyo siku yao ya kuchanja watoto."

Akaichomoa simu kwenye chaji na kuanza kupiga. Zahanati ya kwanza ikapokea. Ya pili ikapokea. Ile ya asubuhi iliita, ikaita. Wiki Mbili alisimama katikati ya makasha, mikono ikining'inia.

Kipimajoto cha kioo, cha kutundika ukutani, bei yake ni shilingi elfu tatu na mia tano.