Neno Moja la Ripoti Yetu

Tulikuwa watatu katika kundi, na kila mmoja aliandika sehemu yake akiwa kwake. Hapo ndipo balaa ilipoanzia, ingawa wakati ule tuliona ni ujanja wa kuokoa muda. Tulisoma chuo kimoja pale Bukoba, fani ya ugani, na mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulihusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba katika vijiji vya Ijumbi. Kiongozi wetu, kijana wa Muleba mwenye sauti ya katekista, alichukua sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mimi nilichukua chakula. Wa tatu alikuwa dada mmoja mpole, mzaliwa wa huko huko Ijumbi, na yeye alichukua wanawake na ardhi.

Kwake yeye kazi ile haikuwa ya alama tu. Mama yake alikuwa mjane, akiishi kwenye kibanja cha marehemu mumewe, yaani shamba la migomba pamoja na nyumba zilizomo, ambacho baada ya msiba kilirudi mikononi mwa shemeji yake. Migomba yote ilikuwa imeng'olewa na kuzikwa kama wataalamu walivyoelekeza. Ofisi ya kilimo ya wilaya ilituahidi kwamba miche safi itagawiwa kwa kufuata mapendekezo ya ripoti yetu. Mama alikuwa anaingoja miche hiyo. Mtu wa kwetu asiye na mgomba nyuma ya nyumba hata akila ugali akashiba atakwambia hajala.

Basi tukazibana zile sehemu tatu kwa pini, tukapeleka. Mwalimu wetu alituita, akazifungua mbele yetu. Jedwali la kiongozi lilikuwa na hesabu moja ya walioathirika, langu lilikuwa na nyingine, la dada nalo likawa na ya kwake, na vijiji ni vilevile. Mahitimisho nayo yalikuwa matatu: mmoja anasema watu waelimishwe, mwingine anasema njaa, wa tatu anasema ardhi.

"Hizi ni ripoti tatu zinazogombana ndani ya jalada moja," alisema. "Nendeni mkaniandikie moja. Neno moja, hoja moja, hitimisho moja."

Nilipewa mimi kuziunganisha. Mnh, mtu asikudanganye kwamba kuunganisha ni kufuta vichwa vya habari na kulainisha viungo. Nilirudi kwenye madodoso, karatasi kwa karatasi, hadi nikaona tulipoachana njia. Kiongozi alikuwa amehesabu vibanja, maana ugonjwa unakaa shambani. Mimi nilikuwa nimehesabu vyungu: wanaopika na kula pamoja ni kaya moja. Dada alikuwa amehesabu kila mtu mzima anayejitegemea. Na sisi Wahaya tunajua kibanja kimoja kinaweza kuwa na nyumba ya kaka, nyumba ya mdogo wake, na kijumba cha mjane pale nyuma karibu na rweya, ile mbuga ya nyasi, kila mmoja na moshi wake.

Tulikaa kwenye kimgahawa karibu na stendi tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana. Kaya ni wanaokula chungu kimoja, na maana hiyo iandikwe ukurasa wa mwanzo. Kibanja kibaki kibanja, kwenye sehemu ya ugonjwa peke yake. Katikati tuweke jedwali la kuviunganisha, lioneshe katika kila kibanja mna kaya ngapi. Mara zile sehemu zikaacha kugombana, nami nikakaribia kulia kwa furaha. Hoja ilikuwa moja tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa na yote: ugonjwa unaingia kwa kibanja, njaa inaingia kwa kaya, na asiye na ardhi yake ndiye wa mwisho kupanda tena. Kwa hiyo hitimisho likawa moja, kwamba miche igawiwe kwa kaya. Nikaziandika upya sehemu zote tatu kwa sauti moja. Dada alisoma ukurasa wa mwisho mara mbili, akasema, "Mama yumo."

Halafu nikafiwa. Baba yangu mdogo alifariki Rubya, nikaenda kuzika, nikamwachia kiongozi kazi ya kukagua herufi na kuchapa. Herufi tu, jamani.

Yeye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa kuwa angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alisoma ripoti akakumbuka mwalimu alivyosema, neno moja. Akaona humu mna kaya na humu mna kibanja. Akajiuliza lipi ni letu, akaona kaya ni neno la ofisini, kibanja ndicho kila mtu anakijua, ndiko tunakozaliwa na ndiko tunakozikwa. Akabadilisha kila kaya kuwa kibanja. Hakuiachia kompyuta peke yake, alipita sentensi kwa sentensi akirekebisha hata sarufi, kazi safi kabisa. Lile jedwali la kuunganisha likawa halina maana tena, kibanja kimoja kina vibanja vingapi, akalitoa. Maelezo ya chungu kimoja akayatoa pia. Na hitimisho likasomeka vizuri mno: miche igawiwe kwa kila kibanja.

Mwalimu aliisifu. Ofisi ya wilaya, kule Muleba, nayo iliisifu. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu waliosoma wote ni watoto wa vibanja, na kwa mtoto wa kibanja sentensi ile haina kasoro. Mimi nilipewa nakala yangu baada ya matanga, wakati miche iko njiani. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuta neno kaya halipo tena. Nilimpigia kiongozi, akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwao kaya na kibanja ni kitu kimoja. Nikamwendea bwana kilimo ofisini kwake. Alinisikiliza, akasema ripoti imeshapitishwa na mgawo umeshapangwa kwa vibanja, labda msimu ujao. Nikamuuliza msimu huu mtu atakula nini. Akavuta jalada lingine. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, Waswahili walishasema.

Siku ya mgawo nilikwenda Ijumbi na dada. Mama yake alikuwa ameshachimba mashimo na kutia samadi, akafunga kitenge kipya kama anayekwenda misa. Waliita wenye vibanja. Shemeji yake akaitwa, akapokea miche ya kibanja kizima, akaibeba na wanawe hadi upande wake. Mama alisubiri mpaka gari likafungwa turubai. Dada akaanza kumweleza mambo ya maneno na majedwali, na kila alivyoeleza ndivyo yalivyozidi kusikika kama upuuzi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyemhoji na dodoso langu, nimekaa kwenye kigoda chake.

"Mwanangu," alisema, "uliniuliza napika na nani, nikakwambia napika peke yangu, ukaandika. Sasa humo kwenye ripoti yenu, waitu, jamani, mimi ninakula kwa nani?"

Ripoti ile bado ipo maktaba ya chuo. Wanafunzi wapya huoneshwa, waone jinsi kundi linavyoandika kwa sauti moja.