Siku Thelathini za Fundi Bishan

Obiero Otiende alikuwa karani wa tikiti katika shamba moja la majani chai kati ya Kericho na Chepseon. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja. Kila jioni alisimama mbele ya foleni ya wachumaji na kutia alama ya kalamu kwenye tikiti ya kila mtu aliyemaliza kazi yake. Alama thelathini ndizo mwezi wa mshahara. Siku uliyougua haikuwa siku, na Jumapili haikuwa siku. Mtu angeweza kuishi siku arobaini ndipo apate mwezi mmoja, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyepewa mamlaka ya kuzifuta siku za binadamu namna hiyo. Obiero naye hakuuliza. Alikuwa mtu mpole kutoka upande wa ziwa, mwenye koti moja jeusi na mwandiko mzuri, na mkewe Syprose alikuwa akimwambia kwamba hata usingizini mkono wake unatia alama.

Jumapili, baada ya ibada, alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo. Alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake na kuwasomea watu barua.

Tarehe kumi na nane Machi, mwaka wa 1934, alikuja Fundi Bishan Singh. Huyu ndiye Kalasinga aliyetunza injini ya kiwanda cha chai, mtu mkubwa wa mwili, mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na vidole vilivyokaa na mafuta siku zote. Alisoma maandishi ya kwao, lakini Kiingereza kilimshinda. Alitoa bahasha kifuani kama anayetoa jiwe la moto.

"Bwana Karani, hii imefika Jumatano. Siku nne nimelala nayo. Nimeona muhuri tu, nikaogopa."

Obiero alijua habari yenyewe. Mama yake Bishan alikuwa mjane huko Punjab, macho yakififia, na binamu aliyekuwa akimtunza alikuwa amekufa baada ya mavuno. Bishan alikuwa ameomba mama huyo aruhusiwe kuingia nchini aje akae naye. Hakuwa na mwingine wa kumwachia.

"Wamekataa," alisema Adoyo, jirani aliyekuwa akipembua mtama hapo pembeni, kabla barua haijafunguliwa. "Ni macho. Wazungu hawataki mtu mwenye macho mabaya."

"Macho gani!" alijibu Nyakundi, dereva wa lori la shamba, Mkisii asiyekosa la kusema. "Ni kwa sababu ni Muhindi. Wangeweza, wangemrudisha hata huyu, ila injini itawalilia."

"Nyamazeni nyote," alisema Obiero. "Hapa tunajibu yaliyomo ndani ya karatasi. Yaliyomo ndani ya tumbo la Nyakundi tutayajibu siku nyingine."

Alisoma mara ya kwanza kimya. Alisoma mara ya pili akiweka kidole chini ya kila mstari, maana barua za serikali huficha neno moja zito katikati ya maneno kumi ya adabu. Kisha akachukua karatasi safi na kuandika kwa Kiswahili.

"Sikia, Fundi. Wamekataa, ndiyo. Sababu ni mbili, na macho hayamo. Ya kwanza, mkataba wa kazi uliowapelekea uliisha Desemba. Hawana karatasi inayoonyesha kwamba bado una kazi, kwa hiyo wanasema mama atakuwa mzigo kwa serikali. Ya pili, hukuonyesha atakaa wapi. Basi."

Bishan alimtazama. "Hawakusema mama yangu ni mgonjwa?"

"Hawakusema."

"Hawakusema mimi ni mtu mbaya?"

"Hawakusema, ndugu yangu. Wanataka karatasi. Barua ya Bwana Mkubwa wa shamba, aseme una kazi na una nyumba ya vyumba viwili. Na mwisho wa barua wanasema unaweza kukata rufaa kwa maandishi, ujibu sababu zao, na rufaa iwe imefika ofisi ya Nairobi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Si tangu siku uliyoipokea. Tarehe ya barua ni tano Machi."

Hapo Obiero alifumba macho na kuhesabu kwa vidole, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka tisa. "Mwisho ni Jumatatu, tarehe tisa Aprili."

"Bwana Mkubwa yuko safari mpaka tarehe tano," alisema Nyakundi.

"Basi tuna nafasi. Tarehe tano anaandika, tarehe sita karatasi inapanda gari la moshi Kipkelion, tarehe saba iko Nairobi."

Bishan alilia bila sauti, akambusu mkono karani mweusi mbele ya majirani wote. Obiero akaona haya, akauondoa mkono.

Mvua kubwa zilianza juma lililofuata. Mawingu yalishuka asubuhi mpaka juu ya vichaka vya chai na hayakuinuka. Barua ya rufaa ilikuwa tayari, imeandikwa kwa mwandiko ule mzuri, ikisubiri tu ile ya Bwana Mkubwa. Kila alipopita kiwandani Obiero alimwona Bishan akisugua shaba ya injini huku akiimba kidogo, na kila mara kitu fulani kilimgusa shingoni, kama mtu aliyesahau mlango wazi nyumbani. Hakujua ni nini. Alimwambia Syprose.

"Ni mvua, Baba Apiyo," alisema mkewe. "Kula."

Pasaka ikapita. Jumanne, tarehe tatu Aprili, asubuhi, mchumaji mmoja aitwaye Mosoti alisimama mbele ya meza ya karani, tikiti mkononi.

"Karani, tangu Jumanne ya juma lililopita hadi jana ni siku ngapi?"

"Sita."

"Sita! Tumbo langu limekula siku saba. Mwambie Mungu basi afute Pasaka yake kwenye kalenda, maana kwako haipo."

Foleni ikacheka. Obiero naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kalamu ilianguka. Alifungua droo ya meza, akatoa kalenda, akaweka kidole kwenye tarehe tano Machi na kuanza kuhesabu upya, safari hii akigusa kila mraba, na zile Jumapili pia. Serikali haikusema siku za kazi. Ilisema siku. Siku thelathini za watu wote, zenye jua na zenye mvua.

Kidole kilisimama kwenye tarehe nne Aprili. Kesho.

Alikimbia hadi kiwandani bila kofia. Kelele ya injini ilimlazimu kupiga ukelele sikioni mwa Bishan, na alimwona mtu yule mkubwa akipauka polepole.

"Ulisema tisa."

"Nilisema tisa. Nilihesabu kama tikiti. Kosa ni langu."

Bishan hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana. Alifuta mikono, akavua aproni. "Ninakwenda Nairobi sasa hivi."

"Umeomba ruhusa kwa Bwana Mdogo?"

"Nitakwenda tu."

"Fundi, ngoja. Fikiri. Sababu yao ya kwanza ni ipi? Kwamba hawajui kama una kazi. Ukitoroka leo, injini ikisimama, Bwana Mkubwa akirudi Alhamisi atakufukuza. Utakuwa umewaandikia wewe mwenyewe hukumu yao."

Mkanda wa injini ulipiga ukutani, pa, pa, pa.

"Tia sahihi," alisema Obiero, akitoa ile barua ya rufaa. Chini yake aliongeza mistari mitatu kwa haraka: kwamba mwajiri yuko safarini, kwamba atarudi tarehe tano Aprili, na kwamba uthibitisho wake wa kazi na nyumba utafuata mara moja. "Rufaa ikifika kesho, ushahidi unaweza kuchelewa na wakatusikiliza. Rufaa ikichelewa, hata ushahidi wa malaika hautasomwa."

"Nani atapeleka?"

"Mimi."

"Na kazi yako?"

Obiero aliikunja barua ile iliyotiwa sahihi. Alikwenda kwa Bwana Mdogo, msaidizi wa Bwana Mkubwa, kijana wa miezi minne tu katika nchi hii, akaomba siku tatu. Aliambiwa kwamba karani akiacha meza yake asirudi kuitafuta. Alisema amesikia, akavaa koti lake jeusi.

Lori la Nyakundi lilizama kwenye tope kupita Chepseon. Walikata matawi, wakatia mawe, wakasukuma. Gurudumu lilizunguka na kuchimba zaidi.

"Nenda kwa miguu, Karani," alisema Nyakundi, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Mimi nikitoka hapa nitakukuta njiani. Nisipotoka, usiningoje."

Alitembea akishuka, barua imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi chini ya shati, na filimbi ya gari la moshi ilimfikia kutoka bondeni angali mbali. Ni mlima tu uliolichelewesha gari. Alilipanda katika stesheni ya Kipkelion akiwa na tope hadi magotini, na mabibi wa daraja la tatu wakasogea mbali naye.

Jumatano kabla ya saa sita mchana, karani mwingine, Mgoa mwenye miwani, alipiga muhuri kwenye barua ile na kumpa karatasi ndogo. *Imepokelewa 4 Aprili 1934. Uthibitisho wa mwajiri ufike kabla ya mwisho wa tarehe 18 Aprili.* Obiero aliisoma mara tatu pale pale dirishani, watu wa nyuma yake wakinung'unika.

Aliporudi, sanduku lake na vyungu vya Syprose vilikuwa nje ya nyumba, kwenye mvua. Syprose alikaa juu ya sanduku akiwa amejifunika gunia. Hakuuliza lolote ila, "Imefika?"

"Imefika."

Bwana Mkubwa aliandika ile barua ya Bishan, ikafika Nairobi kwa wakati. Hakuiandika kwa huruma. Aliiandika kwa sababu hakuna mwingine kutoka Kericho hadi Kisumu aliyeijua injini ile. Kuhusu karani aliyefukuzwa alisema makarani wako wengi, na kwa hilo hakukosea. Hivyo ndivyo mambo yalivyopimwa katika nchi yetu ya chai: chuma kina mtetezi, mtu hana.

Obiero alihamia Kipkelion, akaweka meza karibu na stesheni, akawa mwandishi wa barua wa kila mtu. Kwenye kila bahasha aliyoletewa aliandika kwa penseli ya buluu, kwa tarakimu kubwa, siku ya mwisho. Hakuandika idadi ya siku. Aliandika tarehe.

Mwezi wa Juni Bishan alifika mezani pale, bahasha mkononi, bado haijafunguliwa, kama mara ya kwanza. Obiero alisoma kimya, mara moja, mara mbili.

"Wamekubali," alisema.

Bishan aliinua mikono juu, akapiga ukelele uliowageuza wapagazi wote.

"Ngoja. Kaa kwanza." Obiero alikuwa bado ameshika mstari wa mwisho kwa kidole. "Ruhusa hii inakufa tarehe thelathini Septemba. Awe ameshuka Mombasa kabla ya hapo, la sivyo unaanza upya. Barua yako ifike kwao, apate mtu wa kumpeleka Bombay, apate meli. Na macho yake yale."

Bishan akakaa. Mvua ilianza kugonga bati la stesheni. Obiero alivuta kalenda katikati ya meza, akachukua penseli ya buluu.

"Hesabu na mimi," alisema. "Kwa sauti."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili zote."