Daktari Aliyekuwa na Muda

Mama yangu aliacha vidonge vyake vya sukari siku aliyoambiwa na daktari wake mwenyewe aviache. Daktari wake hakumwambia kitu kama hicho, lakini jaribu wewe kumweleza mama yangu.

Tunakaa Tandika, mimi na yeye, katika nyumba aliyojenga na marehemu baba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kutwa nzima ninabishana na watoto, jioni ninarudi kubishana na mzazi. Nilianza kushtuka nilipoona jagi la maji. Nililijaza asubuhi, siku hiyo nikawahi kurudi mchana nikalikuta tupu, na mama yuko njiani kwenda chooni kwa mara nyingine, kanga imefungwa vizuri, uso umejaa furaha.

"Sumu inatoka," akaniambia. "Daktari alisema itatoka kwa njia ya mkojo."

"Daktari gani?"

"Daktari wangu. Kwani nina wangapi?"

Akanionyesha simu. Video ilikuwa imetumwa kwenye kundi la akina mama wa kikundi chao cha kuzikana, kundi ambalo kazi yake rasmi ni kutangaza misiba na kazi yake halisi ni kusambaza kila kitu. Na kweli alikuwa daktari wake: yule yule wa kliniki ya kisukari, na miwani yake, na kipara chake kinachoanzia mbele. Ameketi kwenye kochi la studio, pembeni maua ya plastiki. Anasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba amenyamaza muda mrefu, kwamba viwanda vya dawa havitaki tujue, kwamba matone haya ya mitishamba yanamaliza sukari kabisa, na mgonjwa aweke kando vidonge vya hospitali ili matone yafanye kazi. Chini kuna kitufe: acha jina na namba yako, tutakupigia.

Mama aliacha jina na namba. Walimpigia kabla hajaiweka simu chini. Kijana wa bodaboda akaleta chupa, ndogo kuliko ya dawa ya macho, yenye kibandiko cha jani la kijani na maneno ambayo sikuyaelewa mimi wala yeye.

Niliitazama video ile mpaka nikaanza kuumwa kichwa. Midomo ilikuwa inachelewa kidogo nyuma ya maneno. Meno yalikuwa yanaungana na kuwa kitu kimoja cheupe. Na daktari, ambaye kwa kawaida hupepesa macho kama mtu aliyeingiwa na mchanga, alikaa bila kupepesa hata nikamwonea huruma. Nikatafuta mtandaoni nikayapata mahojiano yenyewe. Miezi iliyopita alialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha televisheni kuzungumzia utunzaji wa miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Kochi lile lile, maua yale yale, shati lile lile la mistari. Na humo alisema wazi kabisa: msiache dawa zenu bila kumwona daktari.

Nikampelekea mama simu kama wakili anayepeleka kielelezo mahakamani. Akatazama mpaka mwisho, kwa utulivu.

"Sasa umeona?" nikasema. "Wamechukua picha yake hapa, wakachukua na sauti yake, wakaipa kompyuta imsemeshe maneno mengine. Inaitwa akili mnemba."

"Nimeona. Hapa alikuwa hajajua bado. Baadaye akajua, akarudi kusema."

"Na shati lile lile? Na maua yale yale?"

"Kwani mtu hana haki ya kurudia shati? Mshahara wa serikali unaujua wewe mwenyewe."

Nilitoka nje nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Kesho yake nikaomba ruhusa shuleni nikampeleka kliniki. Nilimwambia tunakwenda kumshukuru daktari. Huo ulikuwa uongo, na sikujutia hata chembe, maana usiku kucha nilimsikia akigugumia maji na nilikuwa naogopa. Naujua ugonjwa ule. Ulimchukua mama mkubwa, ukaanza na kidole cha mguu.

Mlangoni kwa daktari kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu nene: SIUZI MATONE. SIJAWAHI KUUZA MATONE. TAFADHALI. Mama akaisoma, akatikisa kichwa.

"Wamembana," akasema kwa huzuni.

Hapa nieleze jambo moja. Mama yangu ni Mzaramo na daktari ni Mnyamwezi wa Tabora, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Utani si urafiki tu. Mtani anaweza kukuzuia njiani akakutukana mbele za watu, akavuruga hata msiba wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Kazi yako ni kujibu, tena ujibu vikali zaidi. Kila mwezi mama huenda kliniki kwa ajili ya sukari, lakini anachoogea na kuvalia ni yale matusi.

"Shikamoo mtani," daktari akasema tulipoingia. Alionekana mchovu.

"Marahaba. Nimekuja kukushukuru kwa matone."

Daktari akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Muuguzi aliyekuwa akipanga vipimo mezani akageukia dirisha, mabega yakimcheza. Baadaye aliniambia kwamba kila siku mmoja lazima aje; wengine wanakuja kushukuru, wengine wanadai chupa zao zimechelewa, na mzee mmoja alimfuata daktari mpaka kwenye maegesho akitaka punguzo.

"Mtani, si mimi," daktari akasema. "Nimeripoti polisi. Nimeripoti ule ukurasa kule mtandaoni, ukafungwa, ukafunguliwa mwingine kwa jina jingine, na mimi bado nimo ndani nimekaa kwenye kochi."

"Naelewa, mwanangu. Hapa huwezi kusema, watakufukuza kazi." Mama akashusha sauti. "Ila yule wa kwenye simu ana muda. Anaongea taratibu, anaeleza. Wewe ukinipa dakika tano unaita mwingine."

Nilimwona daktari akimeza mate. Dawa hiyo ilikuwa chungu.

"Basi ngoja nimpigie mwenyewe," mama akasema, akatoa simu.

"Unampigia nani?" nikauliza.

"Daktari."

"Daktari si huyu hapa mbele yako!"

"Huyu yuko kazini."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Binti mmoja mwenye sauti tamu akapokea, akasikia kwamba mteja anataka kuzungumza na daktari mwenyewe, akasema tusubiri amuunganishe. Muziki ukalia. Daktari wetu akaegemea meza, ametega sikio, na nadhani ni watu wachache duniani waliowahi kusubiri kuunganishwa na wao wenyewe.

"Haloo mama, daktari hapa," ikasema sauti ya kijana, nyembamba.

"Mbona sauti imebadilika?"

"Nina mafua, mama yangu. Umeshamaliza chupa? Dozi kamili ni chupa tatu."

"Sijamaliza. Kwanza niambie, Mnyamwezi wee," mama akaanza, na mgongo ukamnyooka kitini, "babu yako alitoka Tabora na mzigo kichwani mpaka Pwani, sie tukampokea, tukamwogesha, tukamfundisha kula nazi. Leo mjukuu wake ananiletea kichupa kama cha wanja? Mzigo gani huo? Au shingo imelegea?"

Kijana akasema: "Mama, tuheshimiane."

"Eti?"

"Mimi ni daktari, mama. Mambo ya kunitukana na kuingiza kabila sitaki. Kama hutaki dawa, sema."

Mama aliitazama ile simu. Sijawahi kuona sura yake ikibadilika hivyo. Mtani amenuna. Kwa mama yangu hilo haliwezekani, sawa na maji kukataa kulowesha.

Na hapo daktari wetu akashindwa kujizuia. Siku zote hizo alikuwa amekalia hasira zake, sasa akaegemea mbele akasema kwa sauti kubwa ya kutosha mpaka foleni isikie: "Mzaramo nawe! Mliuza mashamba ya minazi yote kuanzia Mbagala mpaka Kongowe mkanunua ngoma, mkacheza mpaka asubuhi, leo unamwuliza mtu habari ya mzigo? Wewe uliwahi kubeba nini zaidi ya mkeka?"

Mama akacheka kabla hajajua kama anacheka. Alicheka mpaka akaishika meza. Halafu akaisogelea simu.

"Kijana," akasema, "uso huo ulioazima, urudishe kwa mwenyewe."

Kijana akakata. Tulipojaribu tena, namba ilikuwa haipatikani.

Muuguzi akamtoboa kidole. Kipimo kilipotoa jibu, daktari alilisoma mara mbili, na utani ukamwisha usoni. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akamweleza kilichokuwa kinatokea mwilini, kwamba ule mkojo haukuwa sumu, ni mwili unaosukuma nje sukari uliyoshindwa kuitumia, na kwamba angekaa hivyo siku chache zaidi angeletwa amebebwa. Mama akaitoa chupa kwenye pochi, akaiweka mezani, akameza vidonge vyake mbele yetu sote. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka anione.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka simu ya daktari ilipolia. Akaangalia jina, akapokea, akasikiliza, akafumba macho.

"Mama yangu mzazi," akatuambia, ameziba simu kwa kiganja. "Yuko Tabora. Ana presha. Kuna tangazo jingine, humo natibu presha. Ameagiza. Nimemwambia na kumwambia kwamba si mimi, anasema hawezi kuacha kumsikiliza mwanawe kwa sababu ya maneno ya watu."

"Maneno ya watu yepi?" nikauliza.

"Yangu."

Mama akanyoosha mkono. Daktari akampa simu.

"Mwenzangu, hujambo? Mie mgonjwa wa mwanao, wa Dar. Na mie nilimwona. Ndiyo, shati lake. Ndiyo, sauti yake kabisa. Na mie niliacha dawa, leo nusura nife kwa ujinga. Si yeye, mwenzangu. Mwanao ninaye hapa, nimemshika mkono."

Kisha akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, anaitikia "ee" na "nakuelewa", na lile cheko lote likamtoka usoni taratibu. Mwisho akaishusha simu.

"Anasema anajua huenda si wewe," akamwambia daktari. "Wajukuu walishamweleza. Ila anaifungua ile video kila asubuhi, kwa sababu yule anamwita mama, anamuuliza ameamkaje."

Daktari alichukua simu, akamwomba muuguzi amfungie mlango, na huku nje foleni ikinung'unika tukamsikia akisema, "Shikamoo mama. Umeamkaje?"